Ipi Kubwa: 2¹⁰⁰ au 3⁶⁵?

Namba 2¹⁰⁰ hupatikana kwa kuandika 2 mara mia moja na kuzizidisha zote pamoja. Namba 3⁶⁵ hupatikana vivyo hivyo kwa 3 sitini na tano. Namba inayorudiwa huitwa kizio, na ile ndogo ya juu inayoonyesha idadi ya marudio huitwa kipeo. Ya kwanza imeizidi ya pili kwa kipeo, nayo ya pili imeizidi ya kwanza kwa kizio, kwa hiyo kuzitazama tu hakutoshi kujua ipi kubwa.

Wengi hukimbilia kuzidisha kizio kwa kipeo: 2 mara 100 ni 200, 3 mara 65 ni 195, basi 2¹⁰⁰ ndiyo kubwa. Jibu hilo si sahihi, na njia yenyewe haina msingi. Kuzidisha 2 kwa 100 ni kujumlisha 2 mia moja, ilhali kipeo kinadai zizidishwe. Kwa njia hiyo hata 2³ na 3² zingekuwa sawa, kwa kuwa zote mbili zingetoa 6, wakati ukweli ni 8 na 9.

Njia safi kuliko zote kwa swali hili ni kupanga vipeo katika mafungu. Namba 100 na 65 zina kigawo cha shirika, yaani 5: 100 ni 20 mara 5, na 65 ni 13 mara 5. Sheria ya vipeo inaruhusu 2¹⁰⁰ iandikwe (2²⁰)⁵, na 3⁶⁵ iandikwe (3¹³)⁵. Sasa kila upande una mafungu matano yanayofanana, na namba chanya iliyo kubwa hubaki kubwa hata ikipandishwa kwa kipeo cha 5. Kinachobaki ni kulinganisha fungu moja la huku na fungu moja la kule.

Kazi hiyo yafaa kufanywa kwa mkono. Kwa upande wa 2, inajulikana kwamba 2¹⁰ ni 1,024. Kwa hiyo 2²⁰ ni 1,024 mara 1,024, ambayo ni 1,048,576. Kwa upande wa 3, 3⁵ ni 243, na 243 mara 243 ni 59,049, ambayo ndiyo 3¹⁰. Ili kufika 3¹³ huzidishwa tena kwa 3³, yaani 27, na jibu ni 1,594,323. Milioni moja na nusu na ushei imeizidi milioni moja na ushei. Kwa hiyo 3⁶⁵ ni kubwa kuliko 2¹⁰⁰. Huo ni uthibitisho kamili, hauna makadirio yoyote ndani yake, na namba kubwa kuliko zote iliyoguswa ina tarakimu saba tu.

Hesabu hiyo inaeleza pia tofauti ni kubwa kiasi gani. Fungu la 3 ni karibu mara 1.52 ya fungu la 2. Mafungu ni matano, hivyo 1.52 huzidishwa mara tano kwa yenyewe, na matokeo yake ni karibu 8.1. Yaani 3⁶⁵ ni kama mara nane ya 2¹⁰⁰.

Si kila swali linakuja na kigawo cha shirika kama hiki. Swali likibadilishwa kidogo liwe 2¹⁰¹ na 3⁶⁵, njia hiyo inafungwa, kwa sababu 101 ni namba tasa. Hapo hutafutwa vipeo viwili vidogo vya 2 na 3 vinavyokaribiana, kisha vitumike kama ngazi. Jozi inayojulikana zaidi ni 2³ na 3², yaani 8 na 9. Hebu ijaribiwe. Namba 3⁶⁵ ni sawa na 3 mara 9³², nayo ni kubwa kuliko 3 mara 8³², ambayo ni 3 mara 2⁹⁶. Lakini 2¹⁰¹ ni 32 mara 2⁹⁶. Kilichopatikana ni kwamba 3⁶⁵ imeizidi namba fulani ambayo yenyewe ni ndogo kuliko 2¹⁰¹. Hilo halisemi lolote kuhusu swali. Mwanafunzi asiye makini huishia hapa na kuandika kwamba 2¹⁰¹ ndiyo kubwa; usahihi ni kwamba ngazi hii haikufika, na jibu bado halijulikani.

Sababu ya kutofika inaonekana wazi. Ukibadilisha 9 kuwa 8, unapoteza sehemu moja ya tisa ya thamani. Kwa mara moja si nyingi, lakini hapa imebadilishwa mara 32, na kila badiliko limezidisha hasara ya lililotangulia. Kwa jumla, 9³² ni zaidi ya mara 43 ya 8³². Thamani yote hiyo ilitupwa njiani.

Dawa yake ni jozi inayokaribiana zaidi. Namba 2¹¹ ni 2,048 na 3⁷ ni 2,187. Zimetofautiana kwa chini ya asilimia 7. Sasa 3⁶⁵ huvunjwa kuwa mafungu tisa ya 3⁷, ambayo kwa pamoja ni 3⁶³, na hubaki 3², yaani 9. Kila fungu la 2,187 likibadilishwa kuwa 2,048, na 9 ikibadilishwa kuwa 8, namba inapungua na kuwa 2⁹⁹ mara 2³, yaani 2¹⁰². Basi 3⁶⁵ ni kubwa kuliko 2¹⁰², na 2¹⁰¹ imeshapitwa. Safari hii hasara ilikuwa ndogo: mafungu yote tisa kwa pamoja hayakupoteza hata nusu ya thamani.

Kutoka juu nako kuna jozi nzuri: 3⁵ ni 243, na 2⁸ ni 256. Kwa kuwa 65 ni 5 mara 13, 3⁶⁵ ni 243¹³, ambayo ni ndogo kuliko 256¹³, yaani 2¹⁰⁴. Kwa jozi mbili tu, 3⁶⁵ imebanwa kati ya 2¹⁰² na 2¹⁰⁴.

Njia ya mafungu inadai jicho la kuchagua jozi. Logi haidai hivyo. Inafanya kazi kwa vizio na vipeo vyovyote. Logi ya namba, kwa kizio cha 10, ni kipeo ambacho 10 inapaswa kupandishwa ili ipatikane namba hiyo. Logi ya 1,000 ni 3, kwa sababu 10³ ni 1,000. Logi ya 2 inaweza kukisiwa bila jedwali: 2¹⁰ ni 1,024, ambayo imepita 10³ kidogo sana, kwa hiyo logi ya 2 ni 0.3 na kitu kidogo. Majedwali ya tarakimu nne huipa 0.3010, na logi ya 3 huipa 0.4771. Logi za kwanza zilichapishwa na Mskoti John Napier mwaka 1614. Mwingereza Henry Briggs ndiye aliyezipanga upya kwa kizio cha 10, na mwaka 1624 akatoa kitabu chenye logi za maelfu ya namba hadi tarakimu 14 za desimali, kazi ya uvumilivu wa ajabu.

Faida ya logi hapa ni moja: logi ya 2¹⁰⁰ ni 100 mara logi ya 2. Kazi ya kuzidisha mara mia inageuka kuwa kuzidisha mara moja. Kwa 2¹⁰⁰ hupatikana 30.10, kwa 3⁶⁵ hupatikana 65 mara 0.4771, yaani 31.01. Yenye logi kubwa ndiyo kubwa, na jibu ni lile lile la mwanzo. Sehemu nzima ya logi, ikiongezwa 1, hutoa idadi ya tarakimu: 2¹⁰⁰ ina tarakimu 31 na 3⁶⁵ ina 32. Tofauti ya logi hizo, karibu 0.91, isidharauliwe kwa udogo wake. Logi ikipanda kwa 1, namba huzidi mara kumi. Ikipanda kwa 0.91, namba huzidi karibu mara nane.

Panapohitaji uangalifu ni katika kukadiria. Logi za majedwali zimekatwa, na kosa dogo la kukata nalo huzidishwa kwa kipeo. Mfano mzuri ni 2¹⁰⁰ na 3⁶³. Kwa desimali mbili tu, logi ya 2 ni 0.30 na ya 3 ni 0.48. Logi ya 2¹⁰⁰ inakuwa 30.00 na ya 3⁶³ inakuwa 30.24, na inaonekana 3⁶³ imeshinda. Kwa desimali nne, ya kwanza ni 30.10 na ya pili ni 30.06, na mshindi anabadilika. Jibu la pili ndilo la kweli: 2¹⁰⁰ imeizidi 3⁶³ kwa karibu asilimia 11.

Kuna namna ya kujua mapema kama jibu linaaminika. Logi ya desimali mbili inaweza kukosea kwa 0.005 upande wowote. Ukizidisha kwa 100, kosa linafika 0.5, ukizidisha kwa 63, linafika 0.315. Kwa pamoja ni kama 0.8, na tofauti iliyopatikana ilikuwa 0.24 tu. Tofauti ndogo kuliko kosa haithibitishi kitu. Katika swali la 3⁶⁵, desimali hizo hizo mbili zinatoa 30.0 na 31.2, tofauti ya 1.2 inalizidi kosa, na jibu ni salama. Pakiwa na shaka, huongezwa desimali.

Simu na vikokotoo havikuondoa haja ya hesabu hii. Ukiomba 2¹⁰⁰, vingi vitaonyesha kitu kama 1.2676506E30, yaani 1.2676506 mara 10³⁰, na kulinganisha kunawezekana. Lakini vipeo vikizidishwa kwa kumi viwe 2¹⁰⁰⁰ na 3⁶⁵⁰, vikokotoo vingi vya shuleni hukataa, kwa sababu haviandiki namba inayofika 10¹⁰⁰. Programu nyingi za kompyuta hutunza namba za desimali kwa mfumo unaokomea karibu 1.8 mara 10³⁰⁸. 2¹⁰⁰⁰ inaingia humo, 3⁶⁵⁰ inamwagika. Logi zake hata hivyo ni 301.03 na 310.13, namba za kawaida kabisa. Kwa hiyo 2¹⁰⁰⁰ ina tarakimu 302, 3⁶⁵⁰ ina tarakimu 311, na hiyo ya pili ni zaidi ya mara bilioni moja ya ya kwanza.