Ukame wa Rapsu Haukuletwa na Tundu la Ozoni

Mvua ikikosa kunyesha Rapsu na Kinna, swali huwa lile lile: je, tundu la ozoni limepanuka? Likishaulizwa, dawa hutajwa papo hapo: tupande miti, itoe oksijeni, tundu lizibe. Hoja hii imerudiwa mikutanoni na madarasani hata ikaonekana elimu, nayo ni potofu mwanzo hadi mwisho. Miti ipandwe, kwa kuwa Garba Tula inahitaji kivuli na malisho. Lakini oksijeni tayari ni takriban asilimia 21 ya hewa yote, na ozoni haijawahi kupungua kwa kukosa oksijeni. Ozoni huumbwa kilomita nyingi juu yetu, pale miale mikali ya jua inapozipasua molekuli za oksijeni, na kazi hiyo haijasimama hata siku moja. Kilichozidi ni kasi ya kuivunja, na mgunga wa Rapsu hauwezi kuizuia.

Wenye imani hiyo hudhani kwamba ozoni ni paa linalozuia joto, na paa likitoboka jua huingia kwa nguvu. Ozoni huzuia hasa miale ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kuharibu macho, na miale hiyo ni sehemu ndogo sana ya nishati ya jua. Joto tunalolisikia huletwa zaidi na mwanga wa kawaida na miale ya infraredi, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ikipita hata kabla ozoni haijaguswa. Kama tundu lingeleta joto, Antaktika ingekuwa tanuri kila Septemba na Oktoba, maana tundu lenyewe liko huko. Juu ya Kenya halipo. Hilo limepimwa: Idara ya Hali ya Hewa jijini Nairobi imekuwa ikirusha puto zenye vipima ozoni tangu miaka ya 1990. Ozoni ya ukanda wa ikweta ni nyembamba kuliko ya kaskazini na kusini, lakini hivyo ndivyo ilivyo kwa maumbile, kwa sababu hewa hupanda huku na kuisukuma kuelekea kwingine. Tena usiku hakuna miale ya urujuanimno, ilhali usiku nao umezidi kuwa na joto. Hiyo ni kazi ya kaboni dioksidi na methani, gesi zinazonasa joto ambalo ardhi hulirudisha angani. Misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 ilihusiana na La Ninya, nalo joto lililoongezeka likanyonya unyevu uliobaki udongoni na kwenye majani.

Kilichoiharibu ozoni kinajulikana. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorofluorokaboni, gesi za majokofu na makopo ya kupulizia, hazivunjiki huku chini. Hupanda polepole mpaka miale mikali izipasue, klorini ikatoka. Chembe moja ya klorini huvunja ozoni, ikabaki nzima, ikaendelea na nyingine, maelfu kwa maelfu. Antaktika huumia zaidi kwa sababu baridi ya kupita nyuzi 78 chini ya sifuri hufanya mawingu ya juu sana, na juu ya chembe za mawingu hayo klorini iliyolala huamshwa, ikingoja jua la Septemba. Tundu lilitangazwa mwaka 1985, Mkataba wa Montreal ukatiwa saini 1987, na sekretarieti yake iko Gigiri, Nairobi. Klorini angani inapungua, ila gesi hizo hudumu miongo mingi. Antaktika inatarajiwa kupona mnamo 2066.

Kuna pingamizi moja la haki: je, uharibifu wa ozoni na ongezeko la joto, mambo haya mawili hayagusani kabisa? Yanagusana, lakini si kupitia tundu. Klorofluorokaboni zenyewe hunasa joto kwa nguvu, kwa hiyo kuziondoa kumesaidia pande zote mbili. Gesi nyingi zilizochukua nafasi yake haziigusi ozoni lakini bado hunasa joto, na ndizo zilizofuatwa na Marekebisho ya Kigali ya 2016. Basi kabla ya kununua friji ya duka, soma kibandiko kwenye kompresa. R-12 na R-22 huharibu ozoni na pia hunasa joto. R-134a haiharibu ozoni, ila hunasa joto mara elfu na zaidi kuliko kaboni dioksidi. R-600a ni afadhali, ingawa huwaka, hivyo fundi asiichomelee friji hiyo ikiwa na gesi ndani. Fundi asiyeinyonya gesi kwenye mtungi bali huifungulia hewani, mkatalie. Shambani, mbolea ya naitrojeni iwekwe kidogo kidogo, mmea unapoihitaji, kwa sababu sehemu ya ziada hugeuka naitrasi oksidi, gesi inayonasa joto na kuila ozoni pia. Kwenye jua la saa sita, vaa kofia na mikono mirefu. Kuhusu ukame, fedha ziende kwenye mifereji ya Rapsu, matangi na malisho ya akiba.