Mbona Ruiru inafurika watu ilhali akina mama wanajifungua watoto wachache?

ANAYESAFIRI katika Barabara Kuu ya Thika huona maghorofa ya kupangisha yakichipuka mahali palipokuwa na mashamba ya kahawa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 239,000 mjini Ruiru. Kufikia sensa ya 2019, walikuwa takriban 490,000.

Ni rahisi kudhani kwamba familia za huko zina watoto wengi. La hasha. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa mwanamke katika Kaunti ya Kiambu, yenye miji ya Ruiru na Thika, angezaa watoto 2.7 kwa wastani maishani mwake. Mwishoni mwa miaka ya sabini, wastani wa Kenya nzima ulikuwa watoto 8.

Mji umejaa hasa kwa sababu ya wanaohamia kutafuta kazi na nyumba za bei nafuu karibu na Nairobi. Kupungua kwa uzazi ni jambo lingine, ambalo wataalamu huliita mpito wa idadi ya watu.

Mpito huo huanza pale vifo vinapopungua. Zamani wengi walizaliwa na wengi wakafa, hivyo idadi ikaongezeka polepole. Chanjo, zahanati na maji safi huokoa watoto, lakini wazazi huendelea kuzaa kama awali, na idadi hupanda kwa kasi. Baadaye uzazi nao hushuka.

Utajiri peke yake haupunguzi uzazi. Mzazi anayeamini kwamba watoto wake watakua haoni haja ya kuzaa wengine wa akiba. Msichana anayekaa shuleni huchelewa kuolewa. Tena, mtoto aliyesaidia kuchuma kahawa shambani alikuwa nguvu kazi. Katika chumba cha kupanga mjini Thika, yeye ni karo, sare na chakula cha kununuliwa.

Hata hivyo, nia bila njia haitoshi. Kati ya 1998 na 2003, matumizi ya mbinu za kupanga uzazi miongoni mwa wanawake walioolewa nchini yalikwama katika asilimia 39. Wastani wa watoto kwa kila mwanamke haukushuka, bali ulitoka 4.7 hadi 4.9. Baadaye ulishuka tena, na kufikia 2022 ulikuwa 3.4.

Je, mbona Wakenya bado wanaongezeka? Chukua mfano wa nyanya aliyezaa watoto 8, wanne wakiwa mabinti. Kila binti akizaa watatu pekee, wajukuu kupitia mabinti hao ni 12. Uzazi umepungua kwa zaidi ya nusu, lakini kizazi cha watu 8 kimefuatwa na cha watu 12, kwa kuwa akina mama wenyewe wameongezeka.

Ndiyo maana huchukua miongo kadhaa tangu uzazi upungue hadi idadi ya watu itulie.