Madini katika nywele kabla ya kupaka rangi

Mama aoshaye nywele kwa maji ya kisima, akipaka mvi zake rangi ya kudumu na kupata mabaka, huenda kosa si la rangi. Maji yaachayo ukoko mweupe birikani huacha madini juu ya unywele pia, na rangi haishiki sawasawa. Ikiwamo shaba, haidrojeni peroksaidi ya rangi huudhuru unywele zaidi.

Shampuu ya kusafisha kwa kina huondoa mafuta na jeli. Madini huhitaji shampuu ya kuyanasa, iliyotiwa EDTA kwa kazi hiyo. Itumiwe siku moja kabla, povu likae dakika chache, bila kukwaruza ngozi, kwani rangi huwasha penye mchubuko. Baadaye mara moja kwa mwezi yatosha; ikizidi, nywele hukauka na rangi hupauka upesi.