Mwenzako anaenda Kolwezi: utamwandikia nini kwenye karti?

Likasi kuna watu wengi wanaohama kwa sababu ya kazi. Barabara ya kutoka Lubumbashi inapita hapa na kuendelea hadi Kolwezi, na kila mara kuna mwenzi wa kazi anayefunga mizigo. Siku hizi, hata kwenye biro ndogo, watu wanachanga franka, wananunua karti moja, inazunguka meza kwa meza. Hapo ndipo shida inaanza: biki iko mkononi, wengine wanangoja, na mtu anaandika tu «Safari njema, Mungu akubariki». Mwenye karti atakuta maneno hayo mara kumi, na hatajua nani aliyaandika.

Tuseme kwenye depo moja ya vipuri hapa Likasi, mama anayeshika stoku anahamia Kolwezi. Kijana aliyeanza kazi chini yake anataka kumwandikia. Kabla ya kugusa karti, achukue kipande cha karatasi, aandike mambo yanayokuja kichwani, bila mpango:

– alinifundisha kujaza fishi
– kila saa ine anauliza chai
– mkali, lakini anacheka
– aliwahi kugombana na shefu juu ya mshahara
– tutamkumbuka milele

Sasa achague. Mstari wa mshahara utoke. Karti inapita mikononi mwa wote, shefu naye ataisoma, halafu inaenda nyumbani, ambako bwana na watoto wataisoma pia. Madeni, ugonjwa, na sababu za mtu kuondoka havina nafasi pale.

«Tutamkumbuka milele» nayo itoke, kwa sababu hayo ni maneno ya matanga. Mama huyu yuko hai, anaenda safari ya saa chache tu. Ndiyo maana pia inafaa kumwambia yeye mwenyewe, «wewe», kuliko kuandika «alikuwa mtu mzuri», kama vile anasomewa mbele ya kaburi.

«Mkali, lakini anacheka» iko karibu, ila ni hukumu tu. Iulizwe: alicheka siku gani? Kijana anakumbuka siku ya kwanza: alijaza fishi juu-chini, mama akacheka, akampa nyingine. Tukio hilo linaonyesha ukali na upole wake pamoja, hata neno «mpole» halihitajiki tena.

Inabaki kumwita. Huyu kijana kazini anamwita Yaya, basi aandike Yaya. Kumwita kwa jina tupu kungekuwa kumkosea heshima, na «Madame» ingeonekana kama barua ya biro. Mtu wa umri wa wazazi wake angemwita Mama au Papa, kama anavyomwita kila siku.

Karti ya kawaida ikifunguliwa ina kurasa mbili, na kama watu kumi na mbili wanaandika, kila mmoja anapata nafasi ya mistari mine au mitano. Haya ndiyo kijana anaweza kuandika:

«Yaya, siku ya kwanza nilijaza fishi juu-chini. Haukupiga kelele, ulicheka, ukanipa ingine. Sasa saa ine ikifika, nani atauliza: “Chai iko wapi?” Watu ya Kolwezi waweke maji kwenye moto mapema! Enda muzuri. Ukipita Likasi, kikombe chako kiko. Mdogo wako wa depo.»

Kiswahili chake ni kile cha mdomoni, na ni sawa, kwani ndivyo wanavyoongea wawili hao. Mzaha wa chai unafaa kwa sababu mama mwenyewe huucheka. Kipimo ni hiki: je, yeye angeweza kuusimulia mbele ya watoto wake? Kama hapana, uachwe. Mwili wa mtu, kabila lake na kosa lililomfanya aitwe na wakubwa havichezewi kwenye karti, hata kama mdomoni mnataniana.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla: anaondoka kwa nini? Aliyepata kazi nzuri zaidi anaweza kuambiwa «hongera». Aliyeishiwa na kontra, akiwa hajapata kazi nyingine, neno hilo litamuuma; kwake afadhali lile tukio moja mlilopitia pamoja, na nambari ya simu ya kumpigia.

Mwisho, soma ulichoandika kwa kufunika jina lake. Kama maneno hayo yangeweza kupewa mtu mwingine yeyote pale kazini, rudi kwenye kile kipande cha karatasi. Kama kila mmoja pale depo angesema «aa, huyu ni mama wa stoku», andika kwenye karti, kisha mpe mwenzako biki.