Wanane kati ya mia, au wanane kati ya kumi?

Ndugu msikilizaji, siku ya mechi kubwa, Tunduma kama kwingineko nchini, wapo wanaozima sauti ya televisheni wakawasha redio. Mtangazaji wa redio husema mpira uko wapi na nani anaukimbilia. Yule wa televisheni huweza kunyamaza, maana anajua unaona. Kwa asiyeona, tofauti hiyo ndiyo mechi yenyewe.

Filamu nazo huweza kuongezewa msimuliaji wa namna hiyo. Wahusika wanaponyamaza, sauti ya pili hueleza: mlango umefunguliwa, mama anaficha barua. Mtazamaji huichagua kwa rimoti. Swali la wenye vituo ni moja: je, inatumika?

King'amuzi cha antena hupokea matangazo tu. Hakirudishi habari kituoni. Basi sharti watu waulizwe, na hapo ndipo hesabu hupotoka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tumewauliza wasioona 100 mkoani Songwe. Sabini hawajapata kusikia kwamba sauti hiyo ipo. Ishirini wanajua, lakini ama king'amuzi chao hakina nafasi hiyo, ama msimulizi ni wa Kiingereza. Wamebaki 10 wanaoweza kuitumia, na 8 kati yao huitumia kila wiki.

Kituo kikigawa 8 kwa 100 kitapata asilimia 8, kisha kitasema huduma haitakiwi. Kikigawa kwa 10 kitapata asilimia 80. Walioikataa ni wawili tu. Wale 70 wanahitaji tangazo la redio, kwa kuwa maandishi ya kwenye skrini hawayaoni. Wale 20 wanahitaji Kiswahili na kifaa kinachofaa. Wale wawili ndio wa kuulizwa kama usimulizi wenyewe ni mbovu.

Liko kosa la pili, la kudhani kila mtumiaji ni mlemavu. Mwaka 2006 Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, ilikadiria kwamba watu milioni 7.5 walitumia maandishi ya chini ya picha, na kama milioni 6 kati yao walisikia vizuri. Idadi kubwa kama hiyo hupendeza, lakini peke yake haikuambii viziwi wangapi wamefikiwa.

Kwa hiyo muulize mtu mambo mawili mbalimbali: unaitumia? Na, unapata shida kuona au kusikia? Sensa yetu ya mwaka 2012 iliuliza kwa namna hiyo, kwa kiwango cha shida. Mzee mwenye mtoto wa jicho, ukimwita kipofu, atakataa. Ukimuuliza kama anapata shida kuona, atakujibu, naye ataingia katika hesabu.

Kituo kitakacholeta asilimia bila kusema kimegawa kwa nani, ndugu msikilizaji, bado hakijahesabu.