Mkuu wa idara amekuandikia barua pepe: umjibuje?

Kijana aliyezoea WhatsApp akienda mafunzo kwa vitendo, barua pepe ya kwanza ya mkuu wa idara humtoa jasho. Tuchukue mfano. Uko ofisi ya kilimo ya halmashauri. Jumanne mkuu wa idara anakuandikia akitaka orodha ya wakulima waliojiandikisha kupata mbolea ya ruzuku katika kata tatu, kabla ya Alhamisi saa 6 mchana. Nakala amempa msimamizi wako. Wewe una kata mbili tu. Ya tatu bado iko kwa afisa ugani.

Wengi hapa hukaa kimya mpaka orodha itimie. Kimya hicho ndicho kinachoudhi, maana mkuu hajui hata kama umeiona barua yake. Wengine hujibu "Sawa bosi", jibu lisilomwambia kitu. Andika Jumanne hiyo hiyo:

"Ndugu Mkuu wa Idara,
Nimepokea maelekezo yako. Naambatisha orodha ya kata mbili. Ya kata ya tatu iko kwa afisa ugani. Nimempigia leo, ameahidi kuileta kesho asubuhi. Nitaiwasilisha kesho kabla ya saa 10 jioni.
Wasalaam,"

Chini weka jina lako kamili, nafasi yako na namba ya simu.

Mtauliza, shikamoo iko wapi? Hiyo mpe mkikutana mlangoni. Barua ya kikazi huweza kusomwa na watu wengine, hata mkurugenzi, kwa hiyo "Ndugu" na cheo chake ni heshima tosha. Ukiwa na haja, andika "naomba", si "nataka". Na "xaxa" au "cjui" ziache kwa marafiki.

Kabla ya kutuma, tazama nani anapokea. Kwa kuwa msimamizi alipewa nakala, bonyeza "Reply all", la sivyo atabaki gizani na kesho atakuuliza kazi imefikia wapi. Lakini kama tangazo limetumwa kwa watumishi wote na wewe una swali lako binafsi, bonyeza "Reply" peke yake.

Kichwa cha barua, pale palipoandikwa "Subject", usikibadilishe unapojibu, ili mazungumzo yakae pamoja. Ila ukitaka ruhusa ya Ijumaa, usiichomeke ndani ya barua ya mbolea. Anza barua mpya yenye kichwa chake: "Ombi la ruhusa Ijumaa: kwenda chuoni kufanya mtihani". "Habari" au "Muhimu sana" si kichwa. Simu huonyesha maneno machache ya mwanzo tu, hivyo neno lenye uzito litangulie.

Jambo dogo tunalolisisitiza: ukiandika barua mpya, ambatisha faili kwanza, andika ujumbe, kisha anwani ya mpokeaji iwe ya mwisho. Hata kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kutuma, barua isiyo na anwani haiendi popote.