Namba 12 katika hesabu ya Busia

Mwaka 1998 watoto wa shule za msingi za Funyula na Budalangi, kusini mwa Busia nchini Kenya, walianza kupewa dawa za minyoo. Shule zilikuwa 75, zikagawanywa mafungu matatu ya shule 25. Fungu la kwanza lilianza mwaka huohuo, la pili likaanza 1999, la tatu likasubiri hadi 2001. Kwa mpangilio huo watafiti waliweza kulinganisha shule zilizokwisha kutibiwa na zile zilizokuwa zikisubiri zamu.

Matokeo yalichapishwa 2004 na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer. Walisema katika shule zilizotibiwa utoro ulipungua kwa takriban robo. Wakaongeza jambo lililovuta macho ya wengi zaidi: shule jirani nazo zilinufaika. Mtoto aliyepona minyoo haachi tena mayai ya minyoo vyooni na vichakani, kwa hiyo hata asiyemeza dawa anapata nafuu. Faida hiyo, kwa hesabu yao, ilifika hadi kilomita 6 kutoka shule iliyotibiwa.

Baadaye watafiti wa Chuo cha Afya ya Umma na Tiba za Tropiki cha London waliomba data na skripti, yaani faili zenye amri zote ambazo kompyuta ilipewa ili kutoa majedwali yale. Miguel na Kremer waliwapa. Mwaka 2015 timu ya London ilichapisha ilichokikuta, na kosa lililozua mjadala mkubwa lilikuwa dogo kwa umbo: sehemu iliyohesabu majirani wa kila shule ilichukua shule 12 za karibu tu, badala ya shule zote zilizo ndani ya kilomita 6.

Data ya asili ilichambuliwa kwa programu ya Stata. Hapa nimeandika mfano wangu mfupi kwa lugha ya R, ili msomaji aone kosa la namna hiyo linavyokaa; `nafasi` ni mpangilio wa majirani wa kila shule kwa umbali, aliye karibu zaidi akiwa wa 1:

```
karibu <- jozi[jozi$km <= 6 & jozi$nafasi <= 12, ]
```

Na lilivyotakiwa kuwa:

```
karibu <- jozi[jozi$km <= 6, ]
```

Chukua shule moja ya kubuni yenye majirani 18 ndani ya kilomita 6. Mstari wa kwanza unachukua 12 walio karibu zaidi na kuwaacha sita. Hao sita si wa kubahatisha, ni walio mbali kuliko wote, na karibu kila mara wataangukia kati ya kilomita 3 na 6. Ndiyo maana kosa liliposahihishwa, makadirio ya faida ndani ya kilomita 3 hayakusogea sana, ila yale ya kilomita 3 hadi 6 yalishuka hata yasiweze tena kutofautishwa na bahati nasibu. Kupungua kwa utoro katika shule zilizotibiwa kulibaki palepale.

Ninachotaka msomaji akitazame ni jinsi kosa lilivyoonekana. Liliweza kusomeka kwa sababu hatua ile ilikuwa imeandikwa. Kama mtu angepanga shule kwa umbali kwenye jedwali la kompyuta, akachagua safu 12 kwa kipanya, akanakili jumla na kuifunga faili, namba 12 isingebaki mahali popote. Watu wa London wangepata jibu tofauti na la wenzao bila kujua nani kakosea wapi.

Kuandika hatua hakutoshi ikiwa data yenyewe imeguswa njiani. Data ghafi ni ile iliyotoka shambani au maabara kabla mtu hajaisahihisha, pamoja na makosa yake. Tuseme vipimo vya damu vya wanafunzi vimeletwa na vituo viwili. Kimoja kimeandika hemoglobini 12.1, yaani gramu kwa desilita. Kingine 121, gramu kwa lita. Ni damu ileile kwa vipimo viwili. Karani mwema akifungua faili, akagawa 121 kwa 10 na kuhifadhi, amesaidia kwa siku ile. Wiki ijayo mwenzake, aliyeagizwa kushughulikia kituo hicho na asiyejua kwamba kazi imefanyika, anagawa tena. Mtoto mzima sasa ana 1.21, na hakuna faili ya kurudia.

Marekebisho hayo yanapaswa kukaa ndani ya skripti, na faili ghafi ibaki kusomwa tu:

```
ghafi <- read.csv("ghafi/damu.csv")
safi <- ghafi
# kituo B kiliandika g/L
b <- safi$kituo == "B"
safi$hb[b] <- safi$hb[b] / 10
```

Hata skripti hii ikiendeshwa mara mia, kila mara inaanza kwenye 121 na kuishia 12.1. Angalia pia kwamba mgawanyo unafuata jina la kituo na haufanywi kwa kila namba inayoonekana kubwa. Akitokea mtoto wa kituo A mwenye 121, hilo ni kosa la aina nyingine, na ni bora libaki wazi hadi fomu ya karatasi ikaguliwe. Maelezo baada ya alama ya reli yanamwambia msomaji sababu. Bila hayo, mtu wa tatu ataona mgawanyo asijue ulitokana na nini.

Ili kuzuia mkono kuteleza, faili ghafi hufungwa isiandikwe, kisha huchukuliwa alama ya utambulisho:

```
chmod a-w ghafi/damu.csv
sha256sum ghafi/damu.csv
```

Amri ya pili hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika hata nukta moja ndani ya faili, mfuatano huo hubadilika. Anayerudia uchambuzi huanza kwa kulinganisha alama hiyo, ndipo aanze kubishana kuhusu matokeo.

Hata hivyo, data moja na skripti moja zinaweza kutoa majibu mawili. Chanzo cha kawaida ni hatua zenye bahati nasibu, mfano kuchagua watoto 200 wa kupimwa kinyesi. Mwandishi huweka mbegu ya kuanzia, kama `set.seed(1998)`, ili uchaguzi ujirudie. Lakini mwaka 2019 R ilipofika toleo la 3.6.0, ilibadilisha namna `sample()` inavyochagua, na mbegu ileile ikaanza kutoa watoto wengine. Kwa hiyo toleo la programu huandikwa pamoja na skripti. Katika R, `sessionInfo()` hulitaja pamoja na vifurushi vilivyotumika. Kipimo ninachokiamini ni kufuta majedwali na michoro yote, kumpa mtu asiyehusika data ghafi na skripti, aziendeshe kwenye kompyuta yake, kisha kulinganisha alichopata na kilichochapishwa hadi tarakimu ya mwisho.

Si kila data ghafi inaweza kukabidhiwa. Fomu za shule zina majina, vijiji na magonjwa ya watoto. Hapo skripti ya kwanza huondoa majina na kuweka namba, na kinachotolewa ni zao la hatua hiyo. Faili yenye majina hubaki kwa mtunzaji anayewajibika.

Na kurudia kwa usahihi hakuthibitishi kuwa jibu ni kweli. Kosa la shule 12 lingejirudia lilivyo kwenye kila kompyuta. Timu ya London ilipokwisha kurudia hesabu, ilifanya uchambuzi wa pili juu ya data ileile kwa kuchagua mbinu nyingine za takwimu, na ikaona ushahidi wa mahudhurio ni dhaifu kuliko ulivyosemwa mwanzo. Miguel na Kremer walipinga mbinu hizo, na wataalamu wa uchumi na wa epidemiolojia wakagawanyika. Walibishania kama miaka miwili ya mradi ichanganywe au itenganishwe, na uzito upi upewe kila shule, huku pande zote mbili zikitazama namba zilezile.